Kukisia Maana ya Neno la Kiarabu kwa Mzizi na Wizani Wake

Swali: "Mwalimu, nakusalimu kutoka Kisumu. Nimeanza kujifunza Kiarabu nikiwa mtu mzima, na sasa tunapewa vifungu vifupi tuvitafsiri kwa Kiswahili. Karibu kila neno la pili silijui, na kamusi inanichosha kwa sababu hata humo silioni neno ninalolitafuta. Wenzangu husema nitazame mzizi. Nautazamaje, na ubashiri wa namna hiyo niuamini kiasi gani?"

Jibu:

Ndugu msomaji, mzizi hukuambia neno linahusu jambo gani kwa ujumla, wizani hukuambia neno hilo linafanya kazi gani katika sentensi, na sentensi yenyewe ndiyo inayokamilisha maana. Ukivishika vitatu hivyo kwa mpangilio huo, ubashiri wako utatosha kukuonyesha nani alifanya nini, wapi na kwa nani. Hautatosha kukuchagulia neno la mwisho la Kiswahili, na hapo ndipo kamusi inapoingia. Kamusi nazo nyingi za Kiarabu, ikiwemo ile ya Hans Wehr ambayo wanafunzi wengi huitumia, zimepangwa kwa mizizi; ndiyo maana hulioni neno unapolitafuta kwa herufi yake ya kwanza. Neno maktaba halipo chini ya mimu, lipo chini ya kafu.

Kabla ya kutazama kifungu, niseme kidogo jinsi neno linavyoundwa. Katika Kiswahili tunanyambua: piga, pigana, pigisha, mpigaji, pigo. Kiini hubaki pale pale nasi tunaongeza kitu mbele au nyuma. Kiarabu nacho huongeza mbele na nyuma, lakini pia huingia ndani ya neno na kubadilisha irabu zilizo kati ya konsonanti. Konsonanti tatu K-T-B huleta jambo la kuandika, na hubaki kwa mfuatano huo huo katika kataba (aliandika), kaatib (mwandishi), maktuub (kilichoandikwa), maktaba, kitaab na wingi wake kutub. Konsonanti hizo tatu ndizo mzizi. Umbo linalozizunguka ndilo wizani, na wanasarufi wa Kiarabu hulipima kwa mzizi F-'-L, yaani jambo la kutenda. Kwa hiyo husema kaatib iko katika wizani wa faa'il, na maktuub iko katika wizani wa maf'uul. Ukishajua kwamba faa'il ni mtenda na maf'uul ni mtendwa, umejua hivyo kwa mizizi mamia, hata ile ambayo hujawahi kukutana nayo.

Katika jibu hili ninaandika Kiarabu kwa herufi za Kirumi. Irabu ndefu nimeziandika mara mbili, na alama ya ritifaa inasimama mahali pa aini au hamza. Wewe katika daftari lako andika kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu nitakayoyaeleza mbele.

Tuchukue kifungu hiki, ambacho nimekitunga kwa mtindo wa habari za magazeti:

A'lana mudiiru l-maktabati amsi 'an iftitaahi ma'ridhin lil-makhtuutaati, wa-qad istaqbala l-mas'uuluuna z-zuwwaara 'inda l-madkhali, wa-ta'aarafa l-haadhiruuna qabla l-muhaadharati.

Tuseme unajua maneno matatu tu: maktaba, amsi, ambayo ni jana, na qabla, ambayo ni ile kabla yetu ya kila siku. Maneno mengine yote ni mageni. Usianze na neno la kwanza na kwenda moja baada ya jingine. Anza na neno ambalo mzizi wake unaonekana waziwazi, kwa kuwa hilo litakupa muktadha wa kuyafungua yaliyo magumu.

Mimi ningeanza na istaqbala. Kwanza vua viambishi. Wanasarufi wa kale walikusanya herufi zote zinazoweza kuongezwa juu ya mzizi katika neno moja la kukariri, sa'altumuuniihaa: sini, hamza, lamu, te, mimu, wau, nuni, ye, he na alifu. Herufi ni kumi, basi. Herufi yoyote iliyo nje ya kumi hizo ni ya mzizi, ukiacha vile viambishi vifupi vinavyoshikana na neno lakini kwa kweli ni maneno mengine, kama be ya "kwa", fe ya "basi" na kafu ya "kama". Katika istaqbala, qafu na be haziko katika kumi, kwa hiyo ni za mzizi. Inabaki lamu mwishoni, na sehemu ya ist- mwanzoni. Ist- ni kiambishi kinachojulikana sana, nasi tunahitaji konsonanti tatu. Kwa hiyo lamu nayo ni ya mzizi, na mzizi ni Q-B-L.

Sasa jiulize Kiswahili kimehifadhi nini kutokana na mzizi huo. Kabla. Kibla, upande ambao mwenye kuswali huelekea. Mkabala, yaani uso kwa uso. Kubali. Kabila. Mustakabali. Yaweke maneno hayo pamoja utaona kwamba mengi yanazunguka wazo la kuelekeana, la kitu kuwa mbele ya kingine. Hilo ndilo jambo la mzizi. Wizani wa istaf'ala nao mara nyingi huwa na maana ya kutaka au kutafuta jambo la mzizi. Tunao mfano wake nyumbani: raha ni raha, na starehe imetoka katika istaraaha, kuitafuta raha. Basi istaqbala ni kutaka kuelekeana na mtu, kumwendea ukamkabili kwa uso. Katika habari ya ufunguzi wa jambo fulani, mtu anayewaendea watu ana kwa ana anafanya nini? Anawapokea. Kamusi itakuthibitishia: istaqbala ni kupokea, kulaki. Mustakabali wetu ni neno hilo hilo katika umbo la mtendwa, yaani ule wakati unaokabiliwa.

Nimekaa sana hapo kwa sababu hatua hizo zote, yaani kuvua, kuhesabu tatu, kuwauliza ndugu wa neno walioko katika Kiswahili, kutia wizani na kurudi kwenye sentensi, hutumika kwa maneno mengine yote. Yaliyobaki yatakwenda haraka zaidi.

Al-madkhal: vua al, ubakie na madkhal. Dali na kha haziko katika zile kumi. Mimu mwanzoni mwa neno yaelekea kuwa ya kuongezwa. Mzizi ni D-KH-L. Ukipita kwenye ubao wa matangazo wa chuo chochote hapa Kisumu au kule Maseno utakutana na neno udahili, na hilo ndilo ndugu yake: kuwaingiza wanafunzi chuoni. Wizani wa maf'al, pamoja na wenzake maf'il na maf'ala, ni wa mahali pa kutendea. Mashariki ni mahali linapochomoza jua, magharibi ni linapozamia, msikiti umetoka katika masjid, mahali pa kusujudu. Madkhal ni mahali pa kuingilia. Ubashiri huu umefika mwisho wake bila kamusi.

Al-haadhiruuna: -uuna ni alama ya wingi wa watu, ivue. Haadhir iko katika wizani wa faa'il, mtenda. Mzizi ni H-DH-R, nasi tunao hudhuria, hadhara, hadhira. Ni waliohudhuria. Neno la mwisho la kifungu, muhaadhara, lina mzizi huo huo, na mhadhiri wa Egerton au Maseno anaitwa hivyo kwa sababu ya neno hilo. Hapa Kiswahili kimekuokolea kazi, kwa kuwa wizani wa mufaa'ala peke yake ungekuambia tu kwamba ni tendo linalofanywa na mtu kuelekea mwenzake, na kutoka hapo hadi "mhadhara" ni mbali.

Ta'aarafa: mzizi '-R-F, wenye maarifa, maarufu na arifu. Wizani wa tafaa'ala ni jirani wa -ana ya Kiswahili, yaani watu wanafanyiana. Ni kujuana, kufahamiana. Angalia tu usiuchanganye na tafa''ala, wenye herufi ya kati iliyokazwa, ambao Kiswahili kilichukua katika tabasamu na tafakari na ambao mara nyingi mtendaji wake hujifanyia mwenyewe. Tofauti kati ya nyizani hizo mbili ni alifu moja tu iliyoandikwa baada ya herufi ya kwanza ya mzizi.

Iftitaah ndilo neno linalowasumbua wanaoanza, kwa sababu te ya kuongezwa imejificha ndani. Mwanafunzi huvua alifu zote akabaki na F-T-T-H, konsonanti nne, akakwama. Kanuni ni kwamba katika wizani wa ifti'aal, te huingia mara tu baada ya herufi ya kwanza ya mzizi. Iondoe te hiyo, mzizi ni F-T-H, na Suratul Fatiha, sura ya kufungulia Msahafu, inakupa maana yake. Iftitaah ni ufunguzi. Wakati mwingine te hiyo hubadilika kwa ajili ya jirani yake, kama katika izdihaam, msongamano, ambapo imekuwa dali baada ya ze na mzizi ni Z-H-M. Ukikutana na konsonanti nne na ya pili ni te, twa au dali, shuku wizani huu kwanza.

Sasa tufike kwa mudiir, ambaye anafundisha jambo jingine. Ukivua mimu unabaki na dali, ye na re. Je, mzizi ni D-Y-R? Wau na ye ni herufi dhaifu, hubadilishana na hupotea, kwa hiyo zinapokaa katikati usiziamini kwa sura zao. Jaribu D-W-R. Kiswahili kina duara, na duru, jambo la kuzunguka. Wizani hapa asili yake ni muf'il, mtenda wa kitenzi cha af'ala, ambacho kwa kawaida hufanya kazi kama -isha yetu, yaani kusababisha. Mudiir ni anayezungusha mambo, anayeyaendesha. Wazee wa pwani wanalijua neno hili kama cheo, kwani mudiri alikuwa ofisa wa serikali chini ya liwali. Hapa ni mkurugenzi wa maktaba. Wizani huo huo wa af'ala ndio wa a'lana, mzizi '-L-N, jambo la kuwa wazi. Kulifanya jambo liwe wazi ni kulitangaza.

Az-zuwwaar nayo ina wau, na mzizi ni Z-W-R, wa ziara na kuzuru. Wizani wa fu''aal ni wingi wa mtenda, kama tujjaar, wingi wa taajir, na kuttaab, wingi wa kaatib. Ni wenye kuzuru, wageni waliokuja. Na umoja wake, zaa'ir, unaonyesha jinsi wau inavyogeuka kuwa hamza. Kama ungekutana na umoja peke yake ungeweza kupoteza muda mwingi ukitafuta chini ya Z-'-R.

Al-makhtuutaat: vua al, na -aat ambayo ni wingi wa kike na wa vitu. Makhtuut iko katika maf'uul, mtendwa. Zinabaki kha na twa mbili. Mzizi unaorudia herufi ya mwisho ni mzizi halali, nao katika kamusi utaupata kama kha na twa yenye shada. Kiswahili kina hati, kwa maana ya maandishi na ya mwandiko wa mkono. Ni vitu vilivyoandikwa kwa mkono: hati za kale, miswada. Al-mas'uuluuna pia ni maf'uul, mzizi S-'-L, wa swali na masuala. Kwa wizani peke yake ungesema "walioulizwa", na ungekuwa sahihi kisarufi huku ukiwa umekosea kitafsiri. Anayeulizwa mambo yanapoharibika ni mwenye dhamana, kwa hiyo hao ni maafisa. Hapa unaona kwa macho yako mahali ubashiri unapoishia: umejua kwamba ni watu, kwamba ni wengi, na kwamba wanahusika na kuulizwa, lakini cheo chenyewe umekipata kwa kuangalia kwamba wao ndio waliowapokea wageni mlangoni.

Linabaki neno ma'ridh, nami nililiacha makusudi. Wanafunzi wengi wanaozungumza Kiswahili hulisoma kwa sauti, hawaitamki aini, wakasikia mariidh, mgonjwa, wakakumbuka maradhi, na ghafla mkurugenzi wa maktaba anafungua wadi ya hospitali. Sentensi haivunjiki kisarufi, na hilo ndilo la hatari. Lakini katika maandishi, ma'ridh ina aini baada ya mimu, na mariidh haina aini kabisa, ina ye kabla ya dhadi. Mzizi wa kwanza ni '-R-DH, mmojawapo wa maana zake ni kuonyesha, na mimu ni ya mahali: mahali pa kuonyeshea, yaani maonyesho. Mzizi wa pili ni M-R-DH, na mimu ni ya mzizi wenyewe. Dalili kwamba umekosea ilikuwa pale pale pembeni, kwa sababu neno linalofuata ni hati za kale, na hati haziugui.

Ukiunganisha yote unapata: "Jana mkurugenzi wa maktaba alitangaza kufunguliwa kwa maonyesho ya hati za kale zilizoandikwa kwa mkono. Maafisa waliwalaki wageni mlangoni, na waliohudhuria walifahamiana kabla ya mhadhara." Nimezikata kuwa sentensi mbili kwa kuwa Kiarabu hupenda kuunganisha kwa wau pale ambapo Kiswahili kizuri huweka nukta.

Kosa la ma'ridh ni la sikio, na sikio letu sisi wa Kiswahili ni adui na rafiki kwa wakati mmoja. Kiswahili kimeyapokea maneno haya kwa wingi, lakini kimeziunganisha herufi ambazo Kiarabu huzitenganisha. Qafu na kafu kwetu ni k tu, ilhali qalb ni moyo na kalb ni mbwa. Aini na hamza kwetu hazisikiki, ilhali 'amal ni kazi na amal ni tumaini. Na wengi wetu huku ziwani, tuliolelewa katika Dholuo, tuna mazoea ya kuifanya sh kuwa s, na ukifanya hivyo sharaab, kinywaji, itakuwa saraab, mazigazi yale yanayoonekana barabarani wakati wa jua kali. Ndiyo maana nilikuomba uandike mzizi kwa herufi za Kiarabu. Litumie sikio kumkumbuka ndugu wa Kiswahili, kisha lilinganishe neno kwa jicho, herufi kwa herufi, kabla hujakubali kwamba ni ndugu kweli.

Hata ndugu wa kweli wakati mwingine wamehama. Taajir katika Kiarabu ni mfanyabiashara, na anaweza kuwa mfanyabiashara aliyefilisika. Katika Kiswahili tajiri ni mwenye mali. Ukitafsiri "tajiri alikopa fedha" utamshangaza msomaji bure. Kwa hiyo lichukue neno la Kiswahili kama kielekezo cha jambo la mzizi tu, kisha uiache maana yake ya Kiswahili pembeni hadi sentensi iihitaji.

Jambo jingine litakalokupata mara tu utakapoacha vitabu vya wanaoanza ni kwamba maandishi ya kawaida hayana alama za irabu. Hutaona ma- wala mu-, utaona mimu tupu. Mimu, dali, re, sini na te marbuta ya mwisho zinaweza kusomeka madrasa, shule, na zinaweza kusomeka mudarrisa, mwalimu wa kike. Mzizi ni D-R-S kwa vyovyote, wa darasa. Wizani ndio usiojulikana. Hapo tazama kitenzi kilicho karibu. Ikiwa neno hilo "lilisema" au "liliingia darasani", ni mtu. Ikiwa watu "walikwenda" kwake kwa ilaa, yaani "hadi", yaelekea ni mahali, ingawa mtu naye huendewa, na huenda ikabidi usome sentensi ya pili. Wau iliyoandikwa kabla ya herufi ya mwisho, kama katika mas'uul na makhtuut, ni msaada mkubwa, kwani neno lililoanza kwa mimu na lenye wau hiyo karibu kila mara ni maf'uul.

Kwa upande wa utendaji, ninapendekeza ufanye hivi. Soma kifungu chote kwanza, upigie mstari vitenzi. Kwa kila neno geni andika pembeni kwa penseli mzizi, wizani, na ubashiri wako kwa Kiswahili cha maneno machache, kama "mahali pa kuonyesha" au "watu wanaoulizwa". Usiandike bado "maonyesho" wala "maafisa". Ukishamaliza kifungu kizima, ndipo ufungue kamusi kwenye mzizi huo na uangalie mambo mawili. La kwanza ni kama neno lako limeorodheshwa chini ya mzizi ulioudhani. Kama halipo, mzizi ni mwingine, na mshukiwa wa kwanza ni herufi dhaifu iliyogeuka au mimu uliyoivua bila kustahili. La pili ni maana ipi kati ya kadhaa inayokaa na majirani wa neno, maana '-R-DH huyo huyo ana upana, ana kutoa pendekezo na ana kupinga, kulingana na umbo. Na ukivua neno likakataa kubaki na konsonanti tatu zenye maana, huenda halina mzizi wa Kiarabu kabisa. Bank, tilifizyuun na hata ustaadh, ambalo lilitoka katika Kiajemi, hayatakufungukia kwa njia hii, wala huna haja ya kuyafungua.

Kuna jambo moja ambalo mzizi na wizani haviwezi kukuonyesha hata ukivijua vyote viwili barabara, nalo ni kihusishi kinachofuata kitenzi. Raghiba ni kitenzi cha mzizi R-GH-B, wa raghba, yaani hamu au utashi. Raghiba fii shay'in ni kukitaka kitu. Raghiba 'an shay'in ni kukikataa, kujitenga nacho. Mzizi ni ule ule, wizani ni ule ule, na maana zimepeana mgongo. Rudi kwenye kifungu chetu utaona kwamba a'lana nayo ilifuatwa na 'an, na pale haikugeuza kitu, ilikuwa tu njia ya kitenzi hicho kufika kwenye jambo linalotangazwa. Kwa hiyo kila unapoandika mzizi wa kitenzi pembeni, andika pamoja nao kihusishi ulichokikuta baada yake, kisha uvitafute vyote viwili kwa pamoja katika kamusi.